Jina lililokosewa kwenye cheti cha mtihani: kosa lilipoanzia ndilo huamua njia ya kulisahihisha

Muuguzi mwenye stashahada anaitwa kwenye usaili wa ajira serikalini. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma linamtaka afike na vyeti halisi, na linaongeza sharti ambalo waombaji wengi hulisoma kwa haraka: mwenye majina yanayotofautiana katika nyaraka zake awe amefuata utaratibu wa kisheria wa kubadili jina. Anapovipanga vyeti vyake mezani ndipo anapoona kwa jicho la msaili kile alichokizoea kwa miaka mingi. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa vinamwita Khadija. Cheti cha Kidato cha Nne cha mwaka 2009 kinamwita Hadija.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini hali yenyewe ni ya kawaida nchini. Majina ya Watanzania huandikwa kwa zaidi ya namna moja: Omar na Omari, Salum na Salumu, Hamis na Hamisi. Nyumbani na mtaani tofauti hiyo haina uzito. Mbele ya mhakiki wa vyeti, herufi moja inatosha kuibua swali la iwapo nyaraka hizo ni za mtu mmoja au wawili.

Swali hilo si la ukaidi wa watumishi wa masijala. Aprili 28, 2017, taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma iliyokabidhiwa kwa Rais wa wakati huo, Dkt. John Pombe Magufuli, mjini Dodoma ilibainisha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki huo pia ulikuta vyeti vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Tangu hapo, jina lisilolingana limekuwa dalili ambayo mwajiri hawezi kuipuuza, hata pale ambapo mwenye cheti hana kosa lolote.

Cheti ni nakala ya kumbukumbu

Ili kuelewa namna jina linavyosahihishwa, ni lazima kwanza kuelewa lilivyofika kwenye cheti. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973, haliandiki jina la mtahiniwa kwa kuangalia karatasi zake za majibu. Karatasi hizo hubeba namba, si jina. Namba ya mtahiniwa huanza na herufi na tarakimu nne za kituo, hufuatwa na tarakimu nne za mtahiniwa mwenyewe, kisha mwaka wa mtihani. Alama hufuata namba hiyo kuanzia chumba cha mtihani hadi matokeo yanapotangazwa.

Jina huingia kwa mlango mwingine, yaani orodha ya usajili inayotoka shuleni kabla ya mtihani. Baraza huchapa cheti kwa kuunganisha vitu viwili: matokeo yaliyofungwa kwenye namba, na jina lililosajiliwa kwa namba hiyo. Ndiyo maana kusahihisha jina hakugusi alama hata moja. Ni kwa sababu hiyo hiyo kosa la jina huweza kukaa muda mrefu bila kuonekana. Matokeo ya Kidato cha Nne hutangazwa kwa namba bila majina, kwa hiyo mtahiniwa huliona jina lake kama lilivyoandikwa siku anapokichukua cheti shuleni. Wapo wanaokichukua baada ya miaka, na wapo wanaokichukua mapema wakaiona herufi iliyopungua na kuiacha ipite.

Kutokana na mpangilio huo, kinachohitaji kusahihishwa ni kumbukumbu iliyoko Baraza. Karatasi iliyoko mkononi ni nakala yake tu. Jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini ushauri mmoja unaozunguka mitaani haufai. Mwenye cheti chenye kosa huambiwa aende polisi, aripoti kuwa kimepotea, kisha aombe cheti mbadala akidhani kitakuja na jina sahihi. Cheti mbadala huchapwa kutokana na kumbukumbu ile ile, hivyo kitarudi na jina lile lile. Mwombaji atakuwa amelipia ada, ametoa taarifa ya uongo polisi, na bado ana tatizo alilokuwa nalo.

Maeneo matatu ambapo kosa huzaliwa

Hatua ya kwanza kwa mwenye tatizo si kuandika barua. Ni kujua kosa liliingia wapi, kwa kuwa kila chanzo kina njia yake.

Chanzo cha kwanza ni uchapaji. Kumbukumbu ya usajili ina jina sahihi, lakini karatasi imetoka na kosa. Hili ndilo jambo jepesi zaidi, kwa sababu Baraza lina ushahidi wote ndani ya masijala yake. Mwenye cheti hukirejesha kupitia mkuu wa shule aliyosoma, au mkuu wa kituo kwa mtahiniwa wa kujitegemea, kikiwa na barua inayoeleza kosa. Baraza likilinganisha na kumbukumbu yake na kuona tofauti, karatasi hubadilishwa.

Chanzo cha pili ni usajili. Mwanafunzi aliandikishwa shuleni kwa jina sahihi, lakini aliyeandaa orodha ya watahiniwa akaliandika vingine. Hapa Baraza lilichapa kile kile kilicholetwa. Mzigo wa kuthibitisha kuwa orodha ilikosea unakuwa kwa mwombaji na shule yake, na uamuzi hutegemea uzito wa nyaraka zitakazowasilishwa.

Chanzo cha tatu si kosa kwa maana halisi, bali ni badiliko. Mtahiniwa alijulikana shuleni kwa jina lililo kwenye cheti, akafanya mtihani kwa jina hilo, kisha maisha yakampa jina jingine. Huenda aliolewa na kuchukua jina la mume, alibadili dini, au alipata cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima na kuchagua tahajia anayoipenda. Kumbukumbu ya Baraza katika hali hii ni sahihi: inaeleza kwa ukweli ni nani aliyefanya mtihani, na kwa jina gani, siku ile. Haiandikwi upya kwa ajili ya jina lililokuja baadaye.

Tofauti kati ya chanzo cha pili na cha tatu ndiyo inayozua malalamiko mengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Haki hiyo inahusu taarifa isiyo sahihi. Jina ambalo mtu alilitumia kwa ukweli mwaka 2009 haligeuki kuwa taarifa isiyo sahihi kwa sababu halitumii tena leo.

Kupima chanzo: mfano wa Khadija

Turejee kwa muuguzi wa mfano wetu. Alimaliza darasa la saba mwaka 2005, akaanza kidato cha kwanza mwaka 2006 na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2009. Anachotakiwa kubaini ni iwapo jina Hadija lilizaliwa kwenye mashine ya uchapaji, kwenye orodha ya usajili au mapema zaidi.

Dalili ya kwanza anayo mkononi. Kwa kawaida watahiniwa wa shule hupangwa kwa alfabeti, wasichana wakitangulia na wavulana wakifuata, na namba hutolewa kwa mpangilio huo. Tuseme namba yake ni 0031 katika shule iliyokuwa na wasichana 70. Akiwauliza wenzake waliokaa jirani naye siku za mtihani, anakuta waliomtangulia walikuwa akina Grace na Habiba, na waliomfuata ni Halima na Happiness. Wenzake wenye majina yanayoanza na K walikaa mbali zaidi. Maana yake ni kwamba alipangwa kwenye herufi H, yaani jina Hadija lilikuwa tayari limeandikwa kwenye orodha kabla ya mtihani. Kama angekuwa amekaa kati ya akina Jesca na Kulwa, angekuwa na sababu ya kuamini kuwa usajili ulikuwa sahihi na kosa ni la uchapaji. Dalili hii si uthibitisho, lakini humwonyesha mtu pa kuanzia bila gharama yoyote.

Hatua inayofuata ni kwenda shuleni akiwa na nakala ya cheti, huku cheti halisi akikihifadhi hadi atakapotakiwa kukirejesha. Anachokiomba kwa mkuu wa shule ni kuonyeshwa rejista ya kuandikishwa wanafunzi ya mwaka 2006. Rejista hiyo ina uzito kwa sababu iliandikwa miaka mitatu kabla ya mtihani, na mtu asiyeweza kujua kwamba jina hilo lingekuja kubishaniwa. Ikiwa shule imefungwa au imebadilishwa jina, mahali pa kuuliza ni ofisi ya Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri husika.

Tuseme rejista inasoma Khadija, na kumbukumbu za darasa la saba za mwaka 2005 pia zinasoma Khadija. Picha sasa imekamilika. Binti aliingia sekondari kwa jina sahihi, akalitumia kwa miaka mitatu, na herufi K ikaachwa wakati orodha ya watahiniwa ilipoandaliwa. Hili ni kosa la usajili, na ana msingi wa kuomba masahihisho.

Barua yake inaelekezwa kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania na kupitia kwa mkuu wa shule. Mambo ya lazima ndani yake ni machache: namba kamili ya mtahiniwa, mwaka na aina ya mtihani, jina kama linavyosomeka kwenye cheti, jina kama linavyopaswa kusomeka, na maelezo mafupi ya mahali kosa lilipotokea. Barua ya mkuu wa shule inayoambatana nayo ina kazi kubwa kuliko sahihi na muhuri. Inapaswa kusema wazi kwamba shule imeangalia rejista yake, imekuta jina fulani limeandikwa tangu mwaka fulani, na kwamba orodha iliyopelekwa Baraza ilitofautiana na rejista hiyo. Barua inayosema tu kwamba "mhusika alikuwa mwanafunzi wetu" hailisaidii Baraza, kwa sababu hilo halibishaniwi.

Kwa nini tarehe ya waraka ina uzito kuliko muhuri wake

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Waombaji wengi hutanguliza cheti cha kuzaliwa wakiamini kwamba hakuna waraka unaokizidi nguvu. Kwa mtoto aliyesajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kama sheria inavyotaka, imani hiyo ina msingi. Lakini Watanzania wengi walisajiliwa wakiwa watu wazima, na wanaochelewa hutakiwa kuwasilisha nyaraka nyingine za kuwatambulisha, zikiwemo za shule.

Muuguzi wetu alizaliwa mwaka 1991, lakini cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa mwaka 2012. Cheti hicho ni halali kabisa, ila kwa swali la jina gani lilitumika shuleni mwaka 2009 hakitoshi peke yake, kwa kuwa kilitolewa miaka mitatu baada ya mtihani. Kadi yake ya kliniki ya mwaka 1991, hata kama imechakaa na haina nembo ya kuvutia, inaweza kusaidia zaidi ikisomeka Khadija. Vivyo hivyo kwa rejista ya shule ya msingi au cheti cha ubatizo kwa wenye nacho. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba waraka uliokuwepo kabla ya mtihani huonyesha jina lilikuwa nini wakati huo, ilhali waraka uliotengenezwa baadaye huonyesha zaidi jina ambalo mwenyewe analitumia sasa.

Hati ya kiapo iliyoapwa mwezi uliopita iko kwenye kundi hilo la pili. Inaeleza kwa kiapo kile ambacho mwombaji anakisema, na inaweza kuambatishwa, lakini haichukui nafasi ya rejista ya mwaka 2006.

Pale jibu linapokuwa hapana

Tuigeuze hali. Muuguzi anafika shuleni na kukuta rejista ya mwaka 2006 inasoma Hadija, na ya darasa la saba pia. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyeandika jina kwa namna alivyolisikia, na familia haikulibadilisha. Kosa, kama ni kosa, limetangulia mtihani kwa miaka mingi, na mtahiniwa mwenyewe aliingia chumba cha mtihani akiwa Hadija. Ombi la kubadilisha cheti katika hali hii halina msingi wa kumbukumbu.

Njia aliyobaki nayo ni kuunganisha majina mawili kisheria. Hati ya kubadili jina huandaliwa kwa msaada wa wakili, husainiwa mbele ya kamishna wa viapo, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Usajili ndio unaoitofautisha na hati ya kawaida ya kiapo, na ndio waajiri wa umma wanaoutaka wanapozungumzia utaratibu wa kisheria. Cheti cha mtihani hakibadiliki. Kinabaki na jina Hadija, na hati iliyosajiliwa huwekwa pamoja nacho kila kinapowasilishwa, ikieleza kwamba Hadija wa mwaka 2009 na Khadija wa leo ni mtu mmoja.

Njia hii mara nyingi huonekana kama kushindwa, lakini kuna wakati ni bora kuliko cheti kipya, hata kwa mtu mwenye haki ya kukipata. Jina la Kidato cha Nne halikai peke yake. Chuo humpokea mwanafunzi kwa namba ya mtahiniwa na kumwandika kwa jina linaloambatana nayo. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu nayo huanzia kwenye namba hiyo. Muuguzi wetu ana stashahada inayosomeka Hadija na leseni ya taaluma inayosomeka vivyo hivyo. Siku atakapopokea cheti kipya cha Kidato cha Nne chenye jina Khadija, nyaraka hizo mbili zitakuwa hazilingani nacho, na atalazimika kuanza safari nyingine kwa kila taasisi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi, inafaa kuchukua karatasi na kuandika safu mbili: nyaraka zenye jina la kwanza na nyaraka zenye jina la pili. Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye cheti hicho ndicho pekee chenye kosa, ana kila sababu ya kusahihisha sasa kabla kosa halijasambaa. Mtu mwenye umri wa miaka 35, mwenye nyaraka tano za Hadija na mbili za Khadija, anaweza kukuta hati moja iliyosajiliwa inamaliza kile ambacho masahihisho matano yangekimaliza kwa miaka.

Cheti kipya kinapotoka

Ombi likikubaliwa, cheti cha awali hurejeshwa Baraza na hakibaki kwa mwenyewe kama kumbukumbu. Vyeti viwili vya mtihani mmoja, vyenye majina mawili na namba moja, ndiyo hali hasa ambayo uhakiki unaitafuta. Kabla ya kukirejesha, mwombaji abaki na nakala iliyothibitishwa pamoja na nakala za barua zote, kwa kuwa nyaraka hizo ndizo zitakazoeleza kwa chuo au mwajiri kwa nini jina limebadilika kwenye jalada lake.

Malipo ya huduma za Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, na fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi. Anayeomba kutumiwa fedha kwa simu yake binafsi ili "kuharakisha faili" ni kishoka, na cheti atakachokileta kinaweza kuwa na jina sahihi lakini kikakosa kumbukumbu nyuma yake. Cheti cha namna hiyo kitagundulika siku mwajiri wa kwanza atakapokipeleka kuhakikiwa.

Kwa watahiniwa wa sasa, nafasi ya kuzuia haya yote ipo shuleni. Kabla orodha ya usajili haijafungwa, jina la kila mtahiniwa hupaswa kulinganishwa na kumbukumbu zake za elimu ya msingi, ambazo siku hizi humfuata kwa namba yake ya PREM. Mzazi anayeomba kuliona jina la mwanawe kama lilivyoandikwa kwenye orodha hiyo, herufi kwa herufi, na kulilinganisha na cheti cha kuzaliwa, anafanya kazi ya dakika chache. Muuguzi wa mfano wetu, miaka mingi baadaye, anaifanya kazi hiyo hiyo kwa nauli ya kurudi shuleni kwake, rejista ya zamani na barua ya mkuu wa shule ambaye hakuwahi kumfundisha.